Usikosee jina la mpokeaji

Umepakia kontena la korosho Mtwara kwenda Vietnam, na wakala wa meli amekuletea rasimu ya hati ya shehena. Kisanduku cha mtuma mzigo kina jina lako. Cha mpokeaji ndicho cha kutazama mara mbili. Ukiandika jina la mnunuzi moja kwa moja, katika baadhi ya nchi ataweza kuchukua mzigo kwa kujitambulisha tu. Kama hajakulipa, andika "kwa amri ya mtuma mzigo". Hapo mzigo hutolewa kwa anayeshika hati halisi uliyoisaini nyuma, nawe huipeleka kupitia benki, imkabidhi akishalipa. Jina lake liweke kwenye kisanduku cha wa kuarifiwa: ataambiwa meli ikifika, lakini kuarifiwa hakumpi haki ya mzigo.

Kisha linganisha namba ya kontena na ya lakiri, idadi ya magunia, uzito na tarehe ya kupakiwa melini. Hati halisi kwa kawaida hutolewa tatu, na moja tu yatosha kutoa mzigo bandarini. Usimtumie mnunuzi hata moja kabla hajalipa.