Lengo kuu halipimwi kwa bambo

Mwaka 2016 watu kadhaa walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Miaka 12 kabla ya hapo, mashariki mwa Kenya, sumu hiyo iliugusa watu 317 na 125 kati yao wakapoteza maisha. Mwanafunzi wa uzamili aliyekulia maeneo hayo akiulizwa anataka kutafiti nini, mara nyingi atajibu bila kusita: kupunguza sumukuvu vijijini.

Msimamizi wake atamrudishia karatasi. Sumukuvu itapunguzwa na wakulima, maofisa ugani na serikali, tena kwa miaka mingi. Yeye ana msimu mmoja na fedha kidogo, na kazi yake ni kupata jibu la swali. Kwa hiyo lengo kuu linaandikwa upya: kutathmini mchango wa njia za kukausha na kuhifadhi mahindi katika kiwango cha sumukuvu kwenye kaya za wilaya ya Chemba. Sasa tunajua anataka kujua nini, wapi na kwa nani. Hata hivyo, sentensi hiyo bado haimwambii afanye nini akishuka kwenye basi.

Hapo ndipo malengo mahususi yanapoingia. Rasimu yake ya kwanza ina matatu. La kwanza ni kubainisha njia ambazo kaya hutumia kukausha na kuhifadhi mahindi: ardhini au juu ya turubai, kwenye kihenge, gunia la kawaida au mfuko usiopitisha hewa. La pili ni kupima unyevu na sumukuvu katika mahindi yaliyokaa ghalani miezi mitatu. La tatu ni kulinganisha vipimo hivyo kati ya kaya za njia moja na za njia nyingine.

Kila moja lina kazi yake. La kwanza linajibiwa kwa dodoso na macho ya mtafiti. La pili linahitaji bambo na maabara. Sumukuvu haisambai sawasawa, kwani punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, kwa hiyo lazima achome gunia sehemu nyingi, achanganye alichotoa na kukisaga kabla ya kuchukua kiasi cha kupima. La tatu halina safari; ni hesabu juu ya yale mawili yaliyotangulia. Angeandika “kukusanya sampuli za mahindi” kama lengo la nne, angekuwa ametaja shughuli tu, maana sampuli ikishakusanywa hakuna swali lililojibiwa. Naye anayeandika “kuielewa sumukuvu kwa undani” hatajua ni siku gani ameshaielewa.

Ninachopenda kumshauri mtu katika hatua hii ni kuchora majedwali matupu kabla ya kwenda popote. Kila lengo mahususi lipate jedwali lake, lenye vichwa vya safu na mistari, bila namba. Lengo lisilochoreka halijaiva. Safu isiyo na swali kwenye dodoso wala kipimo cha kuijaza inaonyesha kilichosahaulika wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha.

Kisha aulize swali gumu zaidi: majedwali haya yote yakijaa, lengo kuu litakuwa limetimia? Kwa mwanafunzi wetu, hapana. Kuvu anayetoa sumu hii huanza kushambulia mahindi yakiwa bado shambani, hasa ukame au wadudu wakiyadhoofisha. Akipima ghalani peke yake na kukuta miligramu 0.05 kwa kilo, mara tano ya kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki, hawezi kusema ni kihenge kilicholeta sumu au ilitoka shambani na punje. Linahitajika lengo jingine mahususi, ambalo ni kupima mahindi ya kaya zile zile mara tu baada ya kuvunwa. Ulinganisho nao utabadilika: atalinganisha ongezeko tangu mavuno, si kiwango cha mwisho tu.

Nyongeza hiyo ina bei. Kaya 100 zilizohitaji vipimo 100 sasa zinahitaji 200. Wengi hulibakiza lengo kwenye karatasi na kulitekeleza nusunusu, kisha sura ya matokeo inakuja na pengo ambalo mtahini hulikuta mapema. Kama fedha zinatosha vipimo 100, anaweza kupunguza kaya ziwe 50 na kukubali kwamba tofauti ndogo hazitaonekana. Au aondoe kipimo cha mavuno na kulishusha lengo kuu: badala ya kutathmini mchango wa uhifadhi, aandike kuwa anaeleza viwango vya sumukuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa kwa njia mbalimbali wilayani Chemba.