Barua ya posa na kilichomo ndani yake

Katika miji na vijiji vya Pwani ya Tanzania, kuanzia Bagamoyo na Kisarawe hadi mitaa ya Temeke na Mbagala, binti haposwi kwa mdomo mtupu. Huposwa kwa barua. Kijana na binti wanaweza kuwa wamekubaliana kitambo na hata kuonana na ndugu wa pande zote mbili, lakini kabla barua haijaingia nyumbani kwa wazazi wa binti, wazee watasema hakuna uchumba hapo, pana urafiki tu. Siku hizi sherehe ya kuvishana pete imepamba moto kiasi kwamba vijana wengi hudhani pete ndiyo inayofunga ahadi. Mimi nashikilia kwamba ahadi yote imo ndani ya bahasha ile. Anayetaka kujua ameahidi nini na ameahidiwa nini aisome barua ya posa na barua ya majibu, neno kwa neno.

Anayeipeleka ni mshenga. Huyu si baba wa kijana wala kaka yake wa damu, ila mtu mzima wa jirani au wa ukoo wa mbali, mwenye ndoa yake, mwenye ulimi mzuri na kifua cha kutunza siri. Wazazi hawaendi wenyewe kwa sababu ya msingi kabisa: posa inaweza kukataliwa. Wakataaji wakimrudisha mshenga, hakuna mzazi aliyevunjiwa heshima, na koo mbili zinaweza kuendelea kusalimiana msikitini na sokoni. Mshenga hufuatana na shahidi mmoja au wawili, na kwa kawaida huenda baada ya alasiri, siku ambayo wenyeji wameshadokezwa kwamba kuna wageni.

Mazungumzo ya siku hiyo yana utaratibu wake. Mshenga hataji neno kuoa hata mara moja. Atasema wamepita njia wakaona ua zuri limechanua katika bustani ya mzee, nao wanaomba ruhusa ya kulichuma. Mzee anayepokea, ambaye mara nyingi ni baba mdogo wa binti na si baba mwenyewe, atajibu kwamba bustani ina maua mengi, je, wageni wanalizungumzia lipi? Hapo mshenga hutaja jina la binti na kutoa bahasha kwa mikono miwili, mara nyingi ikiwa imefungwa ndani ya leso mpya. Mwenyeji huipokea lakini haifungui mbele ya wageni. Atasema tu: "Tumeipokea. Tupeni muda, tutawaita." Mshenga anayesisitiza ajibiwe palepale ameshaharibu kazi aliyotumwa.

Ndani ya leso kuna vitu viwili. Cha kwanza ni barua yenyewe, ambayo kwa kawaida ni ya ukurasa mmoja. Humtaja kijana, wazazi wake na mahali wanapoishi, huomba kuungana na familia ya binti kwa ndoa, na humalizia kwa kuomba kuelezwa taratibu za nyumba hiyo. Cha pili ni fedha, nazo huitwa kishika uchumba. Kiasi hakina kanuni. Tuchukue mfano wa shilingi 100,000. Fedha hizi si mahari wala si zawadi kwa baba. Ni alama ya kwamba binti ameshawekewa neno, na kwa hiyo mlango hauwi wazi kwa mposaji mwingine mpaka majibu yatoke. Kwa Waislamu jambo hili lina uzito wa dini pia, kwani Mtume amekataza mtu kuposa juu ya posa ya nduguye.

Wageni wakishaondoka, kazi kubwa huanza kwa wenyeji. Mjomba huitwa, na shangazi vilevile. Kwa Wazaramo na jamaa zao wa Pwani, mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya mtoto wa dada yake, na barua iliyojibiwa bila yeye kushirikishwa huja kuleta ugomvi siku ya harusi. Watu hutumwa kwa siri kuulizia habari za kijana: kazi yake, tabia yake, kama ana mke mwingine, na kama kuna undugu au kunyonya ziwa moja, jambo ambalo katika Uislamu huharamisha ndoa. Kisha shangazi au somo wa binti humwita pembeni na kumuuliza swali moja: "Hawa watu unawajua?" Fikihi inasema bikira akinyamaza, kimya chake ni ridhaa. Naona ni vizuri kwamba siku hizi nyumba nyingi hazitosheki na kimya. Hutaka binti aseme ndiyo kwa kinywa chake mbele ya watu wawili, kwa kuwa kimya cha binti anayewaogopa wazee wake kinaweza kuwa na maana yoyote.

Wakikataa, bahasha hurudishwa kwa mshenga pamoja na fedha zote, bila maelezo marefu. Ataambiwa kwamba mtoto bado anasoma, au kwamba ua limeshachumwa, na anayejua desturi haulizi zaidi. Fedha zikibaki, wamekubali. Basi familia ikishazila zile shilingi 100,000 na huku ikiendelea kusema bado inatafakari, hapo imevunja mwiko, na mshenga ana haki ya kudai jibu.

Majibu huja kwa barua ya pili, nayo ndiyo yenye hesabu. Tuseme familia ya Kisarawe imemjibu kijana wa Mbagala hivi: mahari shilingi 1,500,000, ambapo 1,000,000 ni taslimu na 500,000 ni deni, mkaja wa mama 200,000, kilemba cha baba 150,000, kilemba cha mjomba 150,000. Jumla ni milioni mbili. Kijana akiiona jumla hiyo hushtuka, naye hukosea kuiona kama bei moja. Kila mstari una mwenyewe. Mkaja ni ile nguo ambayo mama alijifunga tumboni baada ya kumzaa binti huyu, na fedha zake ni shukrani kwa uchungu ule, hivyo hazipiti mkononi mwa baba. Kilemba ni heshima ya mwanamume aliyemlea au kumsimamia. Nyumba nyingine huongeza ubeleko, kwa ajili ya nguo aliyobebewa mgongoni. Mahari ni ya binti mwenyewe. Katika Uislamu hili halina mjadala, na ndiyo maana nyumba zinazoshika dini humwachia binti aitaje mwenyewe: mwingine husema fedha, mwingine msahafu na cherehani, mwingine kitanda na godoro lake.

Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo panapoumiza watu. Ipo mizigo inayobebeshwa jina la mahari ilhali inaishia kwa wajomba na kwenye gharama za sherehe, na binti anaolewa bila kushika hata senti. Dalili yake iko kwenye barua yenyewe: ukiona kiasi kimoja kikubwa kimeandikwa bila mgawanyo, uliza. Mshenga mzuri hurudi kwa upole na kuomba mistari itenganishwe, halafu huanza kuomba kupunguziwa. Desturi inamruhusu kuomba nafuu kwenye kilemba, lakini si adabu kupigania mkaja, na mahari aliyoitaja binti hapunguzi mtu mwingine isipokuwa binti. Katika mfano wetu, baba na mjomba wakikubali kushuka hadi 100,000 kila mmoja, jumla inakuwa 1,900,000, na kijana anatakiwa kuwa na 1,400,000 kabla ya ndoa. Zile 500,000 za deni husomwa siku ya kufunga ndoa mbele ya mashahidi, na mume hubaki akidaiwa na mkewe mpaka alipe.

Swali la kishika uchumba nalo liandikwe. Familia nyingine huzihesabu zile 100,000 kuwa sehemu ya mahari, nyingine huziacha kando. Nyumba zote mbili ziko sawa kwa desturi zao, lakini pande mbili zikidhani tofauti, mvutano hutokea siku ya kupeleka mahari, mbele ya wageni, wakati ambapo hakuna anayetaka kushuka.

Pete huja baada ya haya. Wengi huivisha siku ileile ya kutoa mahari, na mara nyingi anayemvisha binti ni mama au dada wa kijana na si kijana mwenyewe, kwa kuwa hao wawili bado hawajawa halali kushikana mikono. Kwenye familia za Kikristo kijana humvisha mwenyewe, kisha majina yao hutangazwa kanisani Jumapili kadhaa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Zawadi zinazosindikiza pete, kama doti za kanga, manukato, viatu na kitenge cha mama, hupelekwa na wanawake kwa vigelegele, nazo huhesabiwa mbele ya watu kimojakimoja.

Uchumba ukivunjika, kanuni ya wazee ni kwamba aliyevunja ndiye anayepoteza. Kijana akijitoa, haombi kurudishiwa kishika uchumba wala zawadi. Upande wa binti ukijitoa, hurudisha kishika uchumba, pete na kila kilichotolewa kwa ajili ya ndoa, na mshenga aliyevipeleka ndiye anayevipokea. Mahari iliyolipwa kabla ya ndoa kufungwa hurudishwa, maana ndoa iliyokuwa ilipiwe haikuwepo. Ndoa ikiwa imefungwa na wakaachana kabla ya kukutana, Kurani, Sura ya 2 aya ya 237, inampa mke nusu ya mahari iliyotajwa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuuacha uchumba hewani. Haimlazimishi mtu kuoa wala kuolewa kwa sababu aliahidi, lakini kifungu cha 69 kinamruhusu aliyeachwa kudai fidia ya hasara halisi aliyoipata kwa gharama alizoingia kwa kuamini ahadi hiyo. Hadaiwi mtu ambaye alipotoa ahadi alikuwa hajatimiza miaka 18. Kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi irudishwe, kama mahakama itaridhika kwamba ilitolewa kwa sharti la ndoa kufungwa. Hapo ndipo ile karatasi ya ukurasa mmoja inapokuwa ushahidi. Kwa hiyo kila upande ubaki na nakala ya barua zote mbili, zenye tarehe, sahihi ya mshenga na sahihi ya mpokeaji, na mistari ya mahari, mkaja na kilemba iwe imetenganishwa, kila mmoja na jina la anayestahili kupokea.