Sura Iliyopita Usaili Mara Nne

Julai 2024 kampuni ya Kimarekani ya KnowBe4, ambayo kazi yake ni kuwafundisha wafanyakazi wa kampuni nyingine kuwakwepa matapeli wa mtandaoni, iligundua kuwa imemwajiri tapeli. Mtu huyo aliomba kazi ya uhandisi wa programu. Alisailiwa kwa video mara nne, na sura yake ikafanana na picha aliyotuma. Taarifa zake zilipopekuliwa zikaonekana safi, kwa sababu utambulisho aliotumia ulikuwa wa Mmarekani halisi, ila wa kuibwa. Picha nayo ilikuwa ya zile zinazouzwa mtandaoni, ikachezewa kwa akili mnemba.

Kilichomfichua ni laptopu. Usiku wa Julai 15, kompyuta mpya aliyotumiwa ilianza kupakia programu haribifu. Alipoulizwa akasema anarekebisha ruta. Haikupita nusu saa kompyuta ikafungwa kwa mbali, na baadaye ikabainika kuwa mwajiriwa ni wa Korea Kaskazini.

Wasaili wale walifanya lile ambalo jicho huweza: kulinganisha sura na sura. Benki inayofungua akaunti kwa simu nayo hulinganisha selfi na picha ya kitambulisho, lakini huongeza swali gumu zaidi: hii picha imetoka wapi? Ndiyo maana programu nyingi za benki hazikubali selfi iliyokwisha hifadhiwa kwenye simu. Zinataka ipigwe papo hapo, ndani ya programu yenyewe.

Sababu iko kwenye picha. Kila kamera huacha chembechembe ndogo za rangi ambazo hatuzioni. Katika picha isiyoguswa, chembe hizo hufuata mwendo mmoja kuanzia paji la uso hadi ukutani nyuma. Sura ikipachikwa juu ya mwili wa mwingine, mashavu huwa laini kupita kiasi huku shingo na masikio yakibaki na chembe zake za asili. Mshono hujitokeza zaidi kwenye nywele, miwani na hereni. Lakini picha ikishatumwa kwa WhatsApp hubanwa upya, na sehemu kubwa ya ushahidi huo hufutika. Mkaguzi aliyeletewa picha ya namna hiyo hana pa kushika.

Kwa hiyo baadhi ya mifumo hutumia mwanga. Unaposhika simu mbele ya uso, kioo chake humulika rangi kadhaa kwa haraka, kwa mpangilio unaobadilika kila mara. Kamera hutazama jinsi rangi hizo zinavyorudi kutoka kwenye ngozi. Pua, iliyo karibu na kioo, hung'aa tofauti na masikio yaliyo nyuma. Picha ya karatasi ni bapa, hivyo hurudisha mwanga kibapa. Video iliyorekodiwa jana haiwezi kuwa na mpangilio wa rangi uliochaguliwa sekunde hii.

Tapeli mjanja hukwepa kamera kabisa. Huweka programu inayojifanya kamera, kisha humimina video yake ndani ya mfumo moja kwa moja. Mifumo dhaifu hukamata pale tu jina kama `OBS Virtual Camera` linapojitokeza, na jina hubadilishwa kirahisi. Mifumo imara huuliza pia kama simu imefunguliwa kinyume na alivyokusudia mtengenezaji, na kama inatikisika kidogo, kama inavyotikisika simu yoyote iliyo mkononi mwa mtu. Novemba 2024, FinCEN, idara ya Hazina ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa fedha, ilizitahadharisha benki kuhusu dalili za namna hii. Miongoni mwake ni mteja anayetumia programu ya kamera ya pembeni, na yule ambaye katikati ya ukaguzi anadai mtandao unasumbua, akaomba njia nyingine ya mawasiliano.

Wasio na hatia hukwama pia. Simu nyingi hulainisha ngozi zenyewe kwenye kamera ya mbele, na mteja asiyezima urembo huo anaweza kukataliwa kwa sura yake mwenyewe. Kwenye kulinganisha sura kuna tatizo la upande wa pili. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipopima programu nyingi mwaka 2019, ilikuta kuwa nyingi zilichanganya watu wawili tofauti mara nyingi zaidi walipokuwa wa asili ya Afrika Magharibi, Afrika Mashariki au Asia Mashariki. Kwa maoni yangu, benki ya kwetu inayonunua mfumo kutoka nje ingepaswa kuuliza hilo kabla ya bei.

Na kuna tapeli ambaye mwanga wote huo haumgusi: mtu halisi, mwenye kitambulisho halali, anayelipwa afungue akaunti kisha amkabidhi mwingine. Selfi yake ni ya kweli kuanzia chembe hadi mshono. Huyo benki humnasa baadaye, akaunti inapoanza kufunguliwa kwa simu nyingine, katika mji mwingine.