Chrome imefunguka tupu? Usiifute kwanza

Kompyuta ya nyumbani imezimika ghafla. Ilipowashwa, Chrome ikafunguka kama mpya: kurasa zilizokuwa wazi hazipo, alamisho za tovuti ya shule na ya kliniki hazipo, na nywila hazijijazi zenyewe. Wazazi wengi hapo huifuta Chrome na kuiweka upya. Subiri kwanza, kwa sababu mara nyingi vitu hivyo bado vimo ndani ya kompyuta.

Anza na picha ndogo ya duara iliyo juu, upande wa kulia. Kompyuta ya familia huweza kuwa na wasifu zaidi ya mmoja, na huenda Chrome imefungua ule wa mtoto. Bonyeza hapo. Ukiona wasifu wako, uchague, na kila kitu kitarudi.

Kama ni wasifu wako na kurasa tu ndizo zilizopotea, bonyeza Ctrl, Shift na T kwa pamoja, ukirudia mpaka zirudi. Zikikataa, bonyeza Ctrl na H. Hapo kuna orodha ya kurasa ulizotembelea katika siku 90 zilizopita.

Alamisho zinahitaji uangalifu zaidi. Usiongeze mpya hata moja, kwani Chrome inaweza kuiandika upya nakala ya akiba. Funga Chrome kabisa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika:

```
%LOCALAPPDATA%\Google\Chrome\User Data
```

Fungua folda ya Default, au Profile 1 kama mko wengi. Nakili kwanza folda hiyo yote mahali pengine. Kisha tazama faili mbili: Bookmarks na Bookmarks.bak. Tuseme ya kwanza ina KB 1 na ya pili ina KB 46. Hiyo kubwa ndiyo yenye alamisho zako za zamani. Badilisha jina la ile ndogo liwe Bookmarks-mpya, halafu ile kubwa uiite Bookmarks. Fungua Chrome uangalie. Kama zote mbili ni ndogo, akiba imeshaandikwa upya na njia hii haitasaidia.

Nywila hazirudi kwa njia hiyo. Faili yake, Login Data, imefungwa kwa akaunti yako ya Windows, hivyo ukiihamishia kompyuta nyingine haitasomeka. Lakini kama Chrome ilikuwa ikizihifadhi kwenye akaunti yako ya Google, fungua passwords.google.com kwenye simu, utazikuta.

Kama haikuwa hivyo, itabidi uweke nywila mpya, tovuti moja baada ya nyingine. Anza na ya barua pepe, kwa sababu viungo vya kubadilisha nywila za shule, bima na kliniki kwa kawaida hutumwa huko.