Kaniama: Tarakimu za risiti ya Zambia zisipotafsiriwa vizuri, wenzako watakuita mwizi

Kaniama, katika jimbo la Haut-Lomami, ni eneo la mahindi, na penye mahindi pana mashini za kusaga. Vipuli vya mashini hizo vinaweza kutoka mbali, hata Zambia, kupitia Kasumbalesa na Lubumbashi. Aliyetumwa kununua hupiga picha ya risiti na kuituma kwa simu. Risiti imeandikwa kwa Kiingereza. Wenzake waliochanga pesa wanasoma Kifaransa na Kiswahili. Maneno yake ni machache na hayasumbui. Ugomvi unatoka kwenye tarakimu.

Tuchukue mfano wa risiti kama hii:

```
05/08/23
V-BELT B68    4 @ 145.00     580.00
ENGINE OIL 5L 2 @ 335.00     670.00
TOTAL ZMW                  1,250.00
```

Jambo la kwanza ni alama ya mkato. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa anajua kwamba mkato unatenga sehemu ya desimali, kwa hiyo 1,250 kwake ni moja na robo. Zambia wanafuata desturi ya Kiingereza: mkato unatenga maelfu, na nukta inatenga desimali. Njia ya kuhakikisha ni kupiga hesabu ya risiti yenyewe. Alama @ inaonyesha bei ya kimoja. Mikanda 4 kwa 145 ni 580, madumu 2 ya mafuta kwa 335 ni 670, na jumla ni 1250. Hesabu imelingana, basi tarakimu zimesomwa vizuri. Isipolingana, huenda picha imeficha kitu, au 3 imesomwa kama 8. Omba picha nyingine kabla ya kuendelea. Katika tafsiri, andika 1 250 kwa kuacha nafasi, bila mkato.

Pili ni kipimo. B68 ni mkanda wa mashini. Herufi B inaonyesha upana wake, na 68 ni urefu wa ndani kwa inchi. Inchi moja ni sentimita 2 na milimita 5 na nusu hivi, au kwa usahihi milimita 25 na sehemu 4 za kumi. Basi mkanda huo una karibu sentimita 173. Anayedhani 68 ni sentimita atasema mwenzake ameletewa mkanda mfupi. Lakini usifute B68 ukaandika 173 peke yake, kwa sababu fundi anayetafuta mkanda mwingine dukani atauliza kwa jina la B68. Acha jina, kisha weka urefu pembeni. 5L ni lita 5, haina cha kugeuzwa.

Tatu ni tarehe. Zambia, kama Congo, huanza na siku: 05/08/23 ni tarehe 5 Agosti 2023. Hata hivyo, mashini ya duka inaweza kuwa imepangwa kwa desturi ya Amerika, inayoanza na mwezi, na hapo ingekuwa 8 Mei. Tazama siku ambayo picha ilipigwa, au tiketi ya safari ya aliyetumwa. Ukishapata uhakika, andika mwezi kwa jina. Usipopata, acha tarehe kama ilivyo na useme kwamba inasomeka kwa njia mbili.

Mwisho ni pesa. ZMW ni kwacha ya sasa, iliyoanza tarehe 1 Januari 2013, Zambia ilipoondoa sifuri tatu. Risiti ya zamani yenye ZMK inahesabiwa tofauti: kwacha 1 000 za wakati ule ni kwacha 1 ya leo.

Kugeuza kwacha kuwa franka kunapita kwenye dola, na kiwango kinachotakiwa ni cha siku ya risiti, si cha siku ya kutafsiri. Benki kuu za nchi zote mbili hutangaza viwango vyao. Tuseme siku ile dola 1 ilikuwa kwacha 20, na hapa kwetu franka 2 500. Kwacha 1 250 zinakuwa dola 62 na nusu, yaani franka 156 250. Kama siku ya kutafsiri dola imefika franka 2 800, hesabu ileile itatoa franka 175 000. Franka 18 750 zinaonekana kuzidi, na hakuna aliyezila.

Kwa hiyo tafsiri nzuri huandika kwacha kwanza, kisha franka, kiwango na siku yake. Kama aliyetumwa alibadilisha pesa mpakani kwa kiwango kingine, hicho kiandikwe kwenye mstari wake, nje ya tafsiri, kwa sababu duka halikukiandika kwenye risiti.