Faida ya asilimia 70 kwa kuku: tupige hesabu kabla ya kutoa hela

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Nakwa alinipigia. Ameuza mbaazi, ana shilingi milioni moja mkononi. "Bwana shamba, kuna kijana anasema nikiweka hela kwenye mradi wao wa kuku nalipwa kila mwezi bila kufuga. Niweke?" Nikamwambia subiri kidogo mama, tupige hesabu kwanza. Naileta hapa maana msimu wa mbaazi ukiisha, hawa vijana huwa hawakosekani.

Jambo hili lina historia. Kati ya 2018 na 2020 kampuni ya Mr. Kuku Farmers ya Dar es Salaam ilikusanya hela za watu kwa ahadi hiihii: unatoa mtaji, wao wanakufugia, unapata faida ya asilimia 70 kwa miezi minne au 90 kwa miezi sita. Mwaka 2020 mkurugenzi wake alifikishwa Mahakama ya Kisutu kwa kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni, na baadaye alikiri makosa. Na mabanda yalikuwepo kweli, kuku walikuwepo. Hapo ndipo wengi waliponaswa, kwa sababu mtu akishaona kuku kwa macho yake haulizi tena.

Sasa hesabu. Kuku wa nyama mmoja, kuanzia kifaranga, chakula, chanjo, mkaa na maranda, tuseme anakula shilingi 7,000 mpaka auzwe. Bei zako zikiwa tofauti, badilisha namba. Milioni moja inakupa kuku 140. Wakifa saba tu, na hapo umefuga vizuri, unabaki na 133. Ukiwauza 8,000 kila mmoja unapata 1,064,000. Toa gharama ya 980,000, faida ni 84,000. Wiki tano za kufuga, halafu banda lisafishwe na kupumzishwa, kwa hiyo miezi minne unapata mikupuo miwili. Jumla 168,000, na hujamlipa kijana wa banda.

Kampuni imeahidi 700,000. Hiyo 532,000 iliyobaki inatoka wapi? Inatoka kwa jirani yako aliyejiunga baada yako. Wakiingia watu kumi wa milioni moja moja, wakati wa kuwalipa inapungua zaidi ya milioni tano, yaani wanahitajika watu wengine sita wa kuziba pengo. Na hao sita nao wana zamu yao. Ndiyo maana wa kwanza wanalipwa vizuri kabisa na wanakuwa mashahidi wazuri, hata kanisani. Hawasemi uongo, walilipwa kweli. Ila malipo yao hayakutoka kwa kuku.

DECI mnaikumbuka? Ile iliyovunjwa 2009. Wao waliita "kupanda mbegu" na "kuvuna". Lugha yetu wakulima kabisa!

Nikampa mama maswali ya kumuuliza yule kijana. La kwanza ni hili: vifaranga wakipigwa na mdondo wakafa nusu, mimi napata kiasi gani? Mfugaji wa kweli atakwambia tutagawana hasara. Yule kijana alijibu, "Mama, faida yako iko palepale." Kwangu mimi jibu hilo linatosha. Hakuna mfugo ambao faida yake haitikisiki ugonjwa ukiingia bandani.

La pili, leseni ya kukusanya hela za watu mmepewa na nani? Hapa wanatoa cheti cha BRELA na TIN, na wengi wetu tunaridhika tukiona muhuri. BRELA inasajili jina la kampuni tu, na TIN ni ya kodi. Kupokea amana za umma kunahitaji leseni ya Benki Kuu, na uwekezaji wa pamoja unasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Usiishie kuangalia karatasi aliyokuletea. Chukua jina la kampuni, wapigie wenyewe hao wasimamizi au ingia tovuti yao uulize.

La tatu, kuku mnamuuzia nani, na naomba kuona daftari la mauzo. Kampuni inayolipa watu mamilioni lazima iwe na mnunuzi mkubwa anayejulikana. Kama jibu ni picha za watu waliolipwa, hujajibiwa. Angalia pia hela unaambiwa utume wapi. Ikiwa ni namba ya simu yenye jina la mtu binafsi, acha hapohapo.

Mama aliuliza, "Na ndugu yangu ambaye ameshaweka?" Aombe mtaji wake wote sasa hivi, asisubiri faida. Wakimwambia alipie kwanza "ada ya kutoa" au alete watu wawili, asiongeze hata mia. Atunze meseji zote za muamala, risiti na namba za simu, aende nazo polisi Babati mapema, wakati ofisi yao bado ina watu.