Kujitoa katika mchezo kwa barua: nani anamdai nani?

Mchezo wetu wa pesa, ambao wengine wanauita upatu na Waarabu jamiya, unaendeshwa kwa mdomo na imani. Lakini mume akimaliza kazi na familia ikatakiwa kuhama Maskati, mdomo hautoshi. Anayeondoka katikati aandike barua, na kabla ya kuandika ajue kwanza kama anadai au anadaiwa.

Tuchukue mchezo wa watu 10, riali 50 kwa mwezi, ulioanza Januari. Kila mwezi mmoja anapokea riali 500. Dada mmoja ana zamu ya 8, yaani Agosti, na anataka kutoka baada ya kulipa Aprili. Amelipa riali 200 na hajapokea kitu, kwa hiyo anadai 200.

Hapa ndipo watu wanapogombana, kwani wengi humwendea kijumbe na kumwambia, "Nipe changu." Kijumbe hana kitu mkononi. Pesa zilikusanywa na kutolewa mwezi ule ule. Zile 200 za dada yetu wanazo wale wanne waliopokea Januari hadi Aprili, kila mmoja 50. Hao ndio wadeni wake, na kijumbe ni mkusanyaji tu.

Njia nyepesi ni kupata mtu wa kushika nafasi yake. Huyo mpya anampa dada riali 200, anaendelea kulipa 50 kuanzia Mei, na Agosti anapokea 500. Wengine hawaguswi. Atoe 200 kamili, asiongeze wala asipunguze, ili shaka ya riba isiingie.

Akikosekana mtu, mchezo ubaki na watu 9. Wanaongoja zamu watapokea 450 badala ya 500. Hawajadhulumiwa, kwa sababu na wao Agosti hawatamlipa dada ile 50. Agosti ikifika, wale wanne wa mwanzo tu ndio wanaotoa 50 kila mmoja, na hizo 200 anapewa dada. Wengine watano wanapumzika mwezi huo. Mwishoni wanne watakuwa wamelipa 500 na kupokea 500, watano wamelipa 450 na kupokea 450, na dada amelipa 200 na kurudishiwa 200. Asitarajie pesa yake siku anayoondoka. Atangoja mwezi wake, isipokuwa wale wanne wakubali kumlipa mapema.

Na kama alikwishapokea, tuseme zamu yake ilikuwa Februari? Hapo amechukua 500 na kulipa 200, kwa hiyo anadaiwa 300. Hawezi kusema amejitoa. Anachoweza ni kumaliza deni. Deni hilo ni la wale sita ambao hawajapokea, 50 kwa kila mmoja. Njia ya salama ni kumkabidhi kijumbe 300 zote kabla ya safari, mbele ya mashahidi wawili, naye azitoe 50 kila mwezi Mei hadi Oktoba.

Wako wanaoomba wapewe zamu mapema kwa sababu wanasafiri. Tujihadhari. Dada wa zamu ya 8 akipewa Mei, ataondoka na 500 huku amelipa 250 tu, na aliyekuwa anadai atageuka mdeni aliye nje ya nchi.

Barua ipelekwe kabla ya mkusanyo unaofuata, isije mwenye zamu ya Mei akashangaa kukuta 450. Iwe fupi, lakini hesabu zote ziwemo:

"Asalamu alaykum Bi Kijumbe. Mimi ni mwenye zamu ya 8 katika mchezo wetu wa riali 50, watu 10. Naomba kujitoa baada ya mchango wa Aprili. Nimelipa miezi 4, jumla riali 200, na sijapokea kitu. Kuanzia Mei sitolipa. Nakubali nirudishiwe riali 200 mwezi wa Agosti, 50 kutoka kwa kila mmoja wa wanne waliokwishapokea. Apokee kaka yangu; jina na nambari yake ya akaunti nimeziandika chini. Zikishafika zote, sidai wala sidaiwi."

Iwe na tarehe, sahihi yake, sahihi ya kijumbe na sahihi za wale wanne, kwani wao ndio wanaolipa. Kila upande ubaki na nakala. Barua inayosema "nimejitoa, tusameheane" bila hesabu haisaidii kitu: Agosti ikifika kila mtu atakumbuka lake.

Pesa zikimalizika kulipwa, kaka aandike kwenye nakala ya kijumbe kwamba amepokea 200, na tarehe. Hapo ndipo dada ametoka kweli.